Shangazi, redieta yangu iko 5 na bado nasikia baridi

*Asalam aleikum shangazi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, niko Ujerumani nasoma tangu Oktoba na hii ndo baridi yangu ya kwanza. Rum yangu ina redieta moja chini ya dirisha, pembeni ina kifundo cheupe cha kuzungusha, kina namba mpaka 5. Nimeweka 5 tangu Novemba sijakigusa tena. Saa zingine redieta inachoma mkono, saa zingine nikiigusa imepoa kabisa na mimi natetemeka kitandani na koti. Nimetundika pazia zito mpaka chini kuzuia upepo, na nguo nikifua naanika juu ya redieta manake hakuna pengine. Dirisha naliacha limeinama kidogo kwa juu mchana kutwa hewa ipite. Sasa kona ya ukuta imeanza madoa meusi. Jirani ananambia niweke 3, lakini nikiweka 3 si ndo nitaganda kabisa? Hiyo redieta ni mbovu ama ninunue heta ya umeme? Naona haya kumwita keateka halafu kosa liwe langu.*

Waaleikum salaam mwanangu. Heta ya umeme usinunue, umeme huko ni ghali kuliko joto la mabomba na hosteli nyingi hata hawazitaki. Na redieta yako sidhani kama ni mbovu. Nadhani valvu, yaani hicho kifundo chako cheupe na kilicho nyuma yake, inadanganywa, na anayeidanganya ni hilo pazia. Ngoja nikueleze vile mimi nilikuja kujua, manake nilikaa kwenye shida hiyo hiyo wiki tatu nzima na sitaki wewe ukae hata siku tatu.

Nilifika Leipzig Januari 2012. Nyumbani niliacha kaskazi imekolea, jua kali, watu usiku wanakaa nje kwenye daka kutafuta upepo, halafu nashuka kule nakuta miti haina jani hata moja na pumzi inatoka mdomoni kama moshi. Rum yangu ilikuwa ghorofa ya nne, dirisha moja kubwa na redieta nyeupe chini yake, na pembeni kile kifundo chenye nyota, 1, 2, 3, 4, 5. Sasa mimi mtoto wa Mkomani, hapo hapo Lamu, kitu pekee nilichowahi kuona ukutani chenye namba mpaka 5 ni regulata ya feni. Na ya feni sote twaijua, 1 ni pole pole, 5 inazunguka mpaka vitabu vinafunguka kurasa. Basi nikaingia na baridi yangu nikazungusha mpaka 5, nikasema hapa moto utakuja haraka, na nikakiacha hapo kama wewe.

Usiku wa kwanza nilichemka. Hewa kavu, koo limekauka, nikafungua dirisha kidogo nikalala. Asubuhi pua imeganda, rum baridi, na redieta inachoma vibaya sana. Nikafunga dirisha, nikatundika pazia zito alilonipa dada mmoja wa ghorofa ya chini, likafunika dirisha, redieta, kila kitu mpaka sakafuni, na meza nikaisogeza ikagusa hapo hapo. Mchana redieta ikapoa. Nikaigusa mara kumi, imepoa, kifundo kiko 5 na mimi nimevaa soksi pea mbili na leso mbili mabegani. Mwanzo wa Februari baridi ikazidi, siku baada ya siku iko chini ya sifuri, na nikawa nalala na koti. Kila nikipiga simu nyumbani mama ananiuliza umekula, nasema ndio, umepata joto, nasema ndio, na ile ndio ya pili ilikuwa uongo, ilinikaa moyoni.

Siku nilipomwita mzee wa jengo nilikuwa nimeandika sentensi yangu kwenye karatasi nimsomee, kwamba redieta imeharibika. Akanisikiliza. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nakiona. Redieta yenyewe hakuigusa. Alipitisha mkono nyuma ya pazia akakifumbata kile kifundo kwenye kiganja, vile unamshika mtoto kichwa kuona kama ana homa, akakaa nacho kidogo, akatikisa kichwa. Kisha akanivuta mkono na mimi nikashike. Nyuma ya pazia palikuwa na joto! Joto zito limejifungia hapo, na kifundo kina moto, na mimi hatua mbili nyuma natetemeka. Akachukua leso yangu iliyokuwa kitini akaifunga pazia juu kama mtu anayefunga mlango wa hema, akavuta meza mpaka katikati ya rum, akazungusha kifundo mpaka 3, akakaa kwenye kiti akasubiri. Hatukuwa na lugha ya kuongea sana. Baada ya kama dakika kumi nikasikia sauti nyembamba, ssss, kama maji yanapita kwenye tundu dogo, na bomba la kuingilia likaanza kupata moto, halafu redieta ikafuata kuanzia juu.

Kabla hajaenda akanionyesha ndani. Alizungusha kifundo mpaka 5 kwanza, akafungua ile pete ya chuma iliyokishika, kikatoka kizima mkononi. Pale kwenye valvu pakabaki kipini kidogo cha chuma kimechomoza, chembamba kama ncha ya kalamu ya biki. Akakisukuma kwa kidole gumba na kitambaa, kikaingia milimita chache, akaachia, kikaruka nje chenyewe. Kikiingia maji yamefungwa, kikitoka maji yanapita. Ndo hiyo tu mwanangu, valvu yote ni hicho kipini. Na ndani ya kichwa kile cheupe mna kifuko kidogo cha majimaji, zingine huwa ni nta au gesi, ambacho hewa ya pembeni ikipata joto kinavimba na kusukuma kipini ndani, hewa ikipoa kinanywea na kipini kinarudi nje.

Hapo ndo nikakumbuka tangi letu la maji nyumbani. Babangu alikuwa akinipandisha juu ya dari kuangalia boya. Maji yakiwa chini boya limelala na bomba liko wazi, maji yakipanda boya linapanda nayo mpaka likafunga, hakuna mtu amegusa kitu. Na kama tangi linafurika babangu alikuwa anaupinda ule mkono wa boya chini kidogo ili lifunge mapema. Namba za redieta yako ni huo mkono wa boya. Hazisemi maji yaje kwa kasi gani, zinasema joto lifike wapi ndo lifungwe. Kwa valvu nyingi za huko nyota ni kama nyuzi 6, hiyo ni ya kuzuia mabomba yasigande tu, 1 ni kama 12, 2 ni kama 16, 3 ni kama 20, 4 ni kama 24 na 5 ni kama 28. Vile vistari vidogo katikati ya namba kila kimoja ni kama nyuzi moja hivi.

Sasa fikiria mwenyewe. Rum iko 14 umetoka darasani. Ukiweka 3 valvu iko wazi kabisa, manake 14 iko mbali na 20. Ukiweka 5 iko wazi vile vile, maji ni yale yale na redieta ina moto ule ule, kwa hivo hautapata joto mapema hata kwa dakika tano. Tofauti inakuja baadaye tu, 3 itapunguza ikikaribia 20, na 5 itaendelea kutafuta 28, ambayo ni Lamu yetu jioni, mpaka wewe ushindwe kupumua ufungue dirisha.

Na boya linapima maji pale lilipo, halijui kikombe chako jikoni kina nini. Kifuko cha valvu vile vile kinajua hewa iliyokizunguka tu. Ukikifunika na pazia, joto la redieta linajifungia hapo, kinadhani rum nzima imeshafika 28 na kinafunga. Hapo ndo redieta yako inapoa na wewe umevaa koti. Halafu ukiinamisha dirisha, hewa ya nje inashuka moja kwa moja juu yake, kinadhani rum imeganda, kinafungua yote, na hapo ndo inachoma mkono. Na huo moto mwingi unapanda na kutoka kwa dirisha kabla haujakufikia kitandani.

Basi leo usiku fanya hivi. Pazia likate ama ulikunje liishie juu ya redieta, pale kwenye ubao wa dirisha, na upande wenye kifundo usiwe na kitu chochote karibu, si meza, si begi, si koti. Nguo zitoe juu ya redieta. Funga dirisha kabisa. Weka 3 na usikiguse tena kwa masaa mawili, na hili la kutogusa ndo gumu manake mkono unawasha, lakini kila ukizungusha unaharibu kipimo. Nunua themometa ya bei rahisi uiweke mezani, mbali na dirisha na mbali na redieta, urefu wa kifua hivi. Baada ya hayo masaa iangalie. Ikisoma 20 ama karibu yake valvu yako ni nzima. Ikisoma 18, panda kistari kimoja au viwili, subiri tena. Namba si sawasawa kwa kila rum, mimi yangu 3 ilikuwa inanipa 19 na nikazoea kuiweka juu yake kidogo.

Na usishtuke ukiigusa ukute juu ina moto na chini imepoa, au yote vuguvugu. Rum ikishafika kwenye joto lake redieta inatakiwa ipoe. Mimi nilikuwa nahukumu redieta kwa mkono, kumbe ya kuhukumu ni themometa.

Lakini nikwambie ukweli, 20 utaiona baridi. Sisi hata usiku wa Julai, kusi imechachamaa, tunajifunika shuka na kulalamika, na kwa kawaida joto la hapo Lamu halishuki mpaka 20. Kwa hivo hicho unachosikia ukiwa 20 si ubovu wa chombo, ni mwili wako haujazoea, na mwili unachukua wiki kadhaa. Jioni ukisoma weka kati ya 3 na 4, hakuna ubaya, vaa fulana ndani ya sweta na soksi nzito, miguu ikipata joto mwili wote unatulia. Usiku ukilala shusha mpaka 2. Usizime kabisa mchana ukienda darasani, kuta zikipoa zinachukua muda mrefu kurudi na ukuta baridi ndo huleta yale madoa.

Kuhusu madoa, hiyo ni ukungu na inatoka kwenye dirisha lako lililoinama na nguo zako mbichi. Dirisha likiinama kutwa linapoza ukuta wa kando kando yake, halafu mvuke wa nguo, wa kupika na wa pumzi yako ukigusa huo ukuta baridi unageuka maji, kama vile chupa ya soda ya baridi inavyotoa jasho huku kwetu. Penye maji ukungu unaota. Dawa yake ni kulifungua lote, wazi kabisa, dakika tano mpaka kumi, asubuhi na jioni, na mara ingine baada ya kuoga au kupika, halafu unalifunga kabisa. Hewa inabadilika yote lakini kuta hazijapata muda wa kupoa. Kabla ya kufungua zungusha valvu mpaka nyota, ukishafunga rudisha 3. Mimi mwanzo nilikuwa nasahau hiyo ya nyota na nikirudi dirishani nakuta redieta inawaka inapasha moto barabara ya nje. Nguo uliza kama jengo lina chumba cha kuanikia chini, mengi yanacho. Madoa yenyewe yakiwa madogo yapanguse na spiriti, dirisha likiwa wazi na pasiwe na moto karibu, yakirudi ama yakienea mwambie mwenye nyumba kwa maandishi.

Sasa je, kama umeondoa pazia, umeweka hata 5, rum ina baridi ya kweli, na redieta bado imelala? Hapo gusa bomba la kuingilia, lile linalopita kwenye valvu. Likiwa baridi na jirani pia analalamika, tatizo liko kwenye boila ya jengo, au ni usiku tu, manake majengo mengi yanapunguza moto usiku. Bomba likiwa na moto lakini redieta yote imepoa, hapo kipini kimenasa. Hii hutokea sana mwanzo wa baridi kama valvu ilikaa imefungwa kiangazi chote. Dawa ni ile ya mzee, 5 kwanza, pete inafunguliwa kwa mkono, kichwa kinatoka, kipini kinasukumwa taratibu na kitu bapa kama mgongo wa kijiko mpaka kilegee na kirudi chenyewe. Usikivute na koleo hata kidogo mwanangu. Kikichomoka maji ya moto yanaruka nje na sakafu ya jirani wa chini inaharibika. Na kichwa cha valvu yako kikiwa hakina pete, ni cha kubana, usikilazimishe, zingine zinavunjika. Kwenye nyumba ya kupanga mwachie keateka, ni kazi ya dakika kumi kwake.

Na ukisikia maji yanagugumia ndani, na redieta ni baridi juu na moto chini, hiyo ni hewa imeingia, inatolewa kwa kifunguo kidogo cha pembe nne, upande wa redieta usio na valvu. Hiyo pia mwachie yeye, manake ukitoa hewa maji ya mfumo yanapungua na yeye ndo anajua kuongeza.

Usimwonee haya. Mzee wangu hakunicheka. Alinifunga pazia na leso yangu mwenyewe, akanywa chai yangu ya tangawizi akaomba na ya pili, na siku ya tatu alipita mlangoni akauliza kwa kidole, joto? Mwite, mwambie umeshaondoa pazia na umesubiri masaa mawili, umwonyeshe themometa inasoma ngapi, ataona unajua unachosema.

Ile jioni alipoondoka nilimpigia mama. Nikaweka simu karibu na valvu nikamwambia sikiza, akauliza hiyo ni nini, nikamwambia ni maji ya moto yanapita, mama. Akanyamaza kidogo akauliza sasa umevua koti? Nikamwambia nimevua. Kunja hilo pazia, kaa karibu na valvu, nyamaza usikilize, na ukisikia ile ssss umpigie mamako kabla hujaniandikia mimi.